SOMO: Kumbakiza mtazamaji mpaka mwisho wa video, si sekunde za mwanzo tu

Wakuu, habari za Mwanza na kote mliko. Wiki hii nimeulizwa swali lilelile mara kumi na zaidi: "Video yangu inaanza vizuri, mbona watu wanakimbia katikati?" Naandika jibu mara moja hapa. Mfano ni video yangu ya dagaa, niliyoipiga Mwaloni Kirumba, maana ndiyo iliyonifundisha.

1. Kabla ya kupiga picha, andika jibu la mwisho kwa sentensi moja. Usipoweza, bado huna video.

2. Ingia YouTube Studio, fungua video yako ya zamani, bonyeza `Analytics`, tafuta grafu ya `Audience retention`. Mstari uliolala maana yake watu wanatazama. Ukishuka ghafla, andika dakika na sekunde, kisha usikilize ulikuwa unasema nini hapohapo.

3. Fungua na swali ambalo mtazamaji tayari ana nusu ya jibu lake. "Leo nitawaambia siri ya dagaa" haimshiki mtu, kwa sababu hana cha kuanzia. Mwaka 1994 George Loewenstein, mchumi na mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba udadisi huja pale mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Kwa hiyo mpe kwanza cha kujua. Mimi nilionyesha mafungu mawili ya dagaa, wa usiku mmoja, wa mtumbwi mmoja. Mama mnunuzi akatia mkono fungu la kwanza, akautoa, akapita kimya. La pili akalipia. Swali: mkono wake uligusa nini?

4. Usifunge pengo kabla hujafungua lingine. Hapa ndipo nilipoharibu, naomba msome taratibu.

Video ilikuwa ya dakika tisa. Dakika ya tatu nikajibu: mkono uligusa mchanga, kwa sababu fungu lile lilianikwa chini ufukweni, na la pili lilianikwa juu ya chanja. Nikaona nimeeleza vizuri. Grafu ikaniambia vingine. Dakika ya tatu walikuwepo watu 55 katika kila 100, dakika ya nne wamebaki 31. Mambo niliyoyapenda zaidi, yaani mvua inavyoharibu dagaa na namna ya kupima mchanga nyumbani, yalikuwa baada ya hapo, na karibu hakuna aliyeyaona. Mtu alikuja na swali, nikamjibu, akaondoka. Hakukosea.

Video iliyopakiwa huwezi kuipanga upya, YouTube inakuruhusu kukata vipande, si kuvihamisha. Nikarudi Mwaloni nikapiga nyingine kwa habari ileile, ila safari hii kwa kupokezana kijiti. Kabla sijatamka neno mchanga nilivuta kamera mpaka kwenye chanja nikasema: "Na hawa wa juu ya chanja nao, kuna fungu mnunuzi amelikataa. Liko hapa mbele yako." Ndipo nikaeleza mchanga. Pengo la kwanza likafungwa huku la pili liko wazi. Nilipofika kujibu la pili (fungu lile lilinyeshewa kabla halijakauka, likapoteza mng'ao wake wa fedha na kuwa la kahawia), tayari nilikuwa nimeshika glasi ya maji na dagaa kiganjani bila kusema ni za nini. Dakika ya nne walibaki 52, mwishoni 38. Ni video mbili tofauti na watu tofauti, msichukue tarakimu hizi kama sheria. Ninachokiamini ni umbo la mstari: lile poromoko la dakika ya tatu halikurudi.

Tahadhari mbili. Usirudie pengo lilelile bila kuongeza kitu. Ukisema "subiri utaona" mara tatu, mtu anajua unamzungusha. Na usifungue mapengo matatu kwa pamoja, atasahau lipi anasubiri. Moja kubwa na moja dogo yanatosha.

5. Swali la katikati liwe la kuchagua kwa macho. "Mnaonaje wadau?" si swali. Mimi niliweka mafungu mawili kwenye fremu moja, nikauliza lipi limekataliwa, nikanyamaza sekunde tatu. Akishachagua moyoni, anabaki kuona kama amepatia. Liweke sekunde kama 20 kabla ya pale grafu yako ya zamani ilipoporomoka. Ukisubiri poromoko lipite, unawauliza waliobaki tu.

6. Jibu kubwa liwe la mwisho, kisha zima. Ukisema "kwa kumalizia" umewaaga.

---

Kijana_wa_Buhongwa: Mkuu ndefu sana hii. Kwa hiyo niweke swali mwanzoni, si ndiyo?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kijana_wa_Buhongwa: Nimeweka swali mwanzoni na bado wanakimbia.

Mwandishi: Wanakimbia dakika ya ngapi, na ulikuwa unasema nini? Kama hujafungua grafu, siwezi kukusaidia.

FundiCherehani: Shikamoo kaka. Nafundisha kukata gauni. Wanaokuja kwangu wanataka vipimo, si hadithi. Nikiwaficha jibu si nitawaudhi?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri sana. Vipimo usivifiche, vitoe mapema kabisa. Pengo lako liko kwenye kosa. Onyesha magauni mawili yenye vipimo sawa, moja limekaa, jingine limevuta kwapani. Vipimo anavyo, bado hajui kwa nini moja limeharibika. Katikati weka vipande viwili vya mkono mezani, muulize kipi kitavuta. Atalinganisha na kitambaa alichonacho mkononi.

FundiCherehani: Nimeelewa! Kumbe swali linatoka kwenye kazi yenyewe.

Mvuvi_Igombe: Kwangu mstari unashuka halafu unapanda karibu na mwisho. Ni nini?

Mwandishi: Wanaruka kwenda kwenye jibu. Wengi wetu tunanunua bando kwa kubana, hatuwezi kuwalaumu. Fanya jibu lisieleweke bila katikati. Kwangu mwisho ni glasi: dagaa ndani ya maji, unakoroga, unasubiri, mchanga unatua chini. Aliyeruka anaona glasi chafu tu, inabidi arudi nyuma.

Mdau_Sengerema: Hii si kuwadanganya watu ili wabaki?

Mwandishi: Sikubali. Kudanganya ni kufungua pengo usilolifunga. Mimi kila nililofungua nimelifunga, na aliyebaki ameondoka anajua kupima dagaa wa mwanae.

Mvuvi_Igombe: Asante. Nje ya mada kidogo: ufukweni upepo unanimezea sauti.

Mwandishi: Piga asubuhi mapema. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto na upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani. Ukichelewa, simama upande wa mtumbwi uliokingwa, mgongo ziwani, mikrofoni kifuani.

FundiCherehani: Na sponji ya godoro, kipande kidogo ukitoboe katikati uvishe mikrofoni. Mimi natumia hata dukani, inapunguza upepo wa feni.

Mwandishi: Hiyo sikuwa nayo dada. Unene gani?

FundiCherehani: Upana wa kidole kuzunguka pande zote. Ukizidisha, sauti inafifia.