Somo: kupata bei ya fyucha ya bidhaa inayohifadhiwa ghalani (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali hili nimelijibu mara nyingi mpaka vidole vimeota sugu. Leo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Wazo lenyewe ni jepesi. Unayehitaji mafuta ghafi miezi sita ijayo una njia mbili: ununue leo uyaweke kwenye tangi, au ununue mkataba wa fyucha usubiri. Njia ya kwanza inakula riba ya fedha uliyoifungia kwenye mzigo, pamoja na kodi ya tangi. Bei ya fyucha inatoka hapo.

Hatua ya 1. Chukua bei ya leo, S. Mfano wetu: dola 80 kwa pipa.

Hatua ya 2. Chukua riba r na muda T, vyote kwa mwaka. Hapa ni asilimia 6 inayolimbikizwa mfululizo, na nusu mwaka.

Hatua ya 3. Gharama ya ghala. Hapa tulieni, maana ndipo nilipoumia.

Kodi ya tangi ni senti 50 kwa pipa kila mwezi, inalipwa mwisho wa mwezi. Kwa miezi sita ni dola 3, lakini hulipi zote leo, kwa hiyo kila malipo yarudishwe kwenye thamani ya leo kwa riba ileile. Jumla inakuwa dola 2.948. Hiyo ndiyo U. Kisha:

```
F = (S + U) * EXP(r*T)
F = (80 + 2.948) * EXP(0.06*0.5) = 85.47
```

Vitabu vingi vinakupa pia njia ya mkato: geuza kodi iwe asilimia ya bei, uijumlishe na riba. Dola 6 kwa mwaka juu ya 80 ni asilimia 7.5, na jibu linatoka 85.59. Tofauti ni senti 11 tu, kwa hiyo nikaona mambo shwari nikaiacha ile 7.5 kwenye jedwali langu.

Halafu bei ikaanguka hadi 40. Jedwali likaendelea kuhesabu asilimia 7.5, yaani kodi ya dola 3 kwa mwaka, wakati mwenye tangi hakupunguza hata senti. Likaniambia fyucha inastahili 42.79. Sokoni ilikuwa 43.60. Nikaona senti 81 za bure kwa kila pipa: nunua mafuta, hifadhi, uza fyucha! Nikaandika ripoti na kuituma. Hesabu sahihi ilikuwa 44.26, kwa hiyo ambaye angenifuata angepoteza senti 66 kwa kila pipa, na mkataba mmoja wa mafuta haya ni mapipa 1,000. Nilikuwa nimeshamaliza kujisifu aliponiuliza mwenzangu: "Kodi ya tangi nayo imeshuka nusu?"

Kwa hiyo: kama ghala linatozwa kwa pipa, iandike kwa dola. Asilimia itumie pale tu gharama inapofuata thamani ya mzigo, kama bima. Ukiona gharama ya ghala kwenye jedwali lako inabadilika kila bei inapobadilika, ujue umeingia mtego huohuo.

Hatua ya 4. Manufaa ya mzigo mkononi, y. Turudi kwenye 80. Hesabu imesema 85.47, lakini tuseme soko linauza fyucha kwa 81. Pengo hilo ni bei ambayo wenye mzigo wanakubali kuilipa ili wawe nao sasa hivi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kikiishiwa mafuta kinazima mitambo, na karatasi ya kuahidiwa mafuta miezi sita ijayo haiwashi tanuru. Nicholas Kaldor aliliandika jambo hili mwaka 1939. Ukubwa wake:

```
y = LN(85.474/81) / 0.5 = 0.1075
```

Yaani karibu asilimia 10.75 kwa mwaka. Ghala likijaa, y inanywea kuelekea sifuri na fyucha inakaa juu ya bei ya leo: kontango. Mzigo ukiadimika, y inazidi riba na ghala kwa pamoja, fyucha inashuka chini ya bei ya leo: bakwadesheni.

MASWALI

Swali: Mkuu shukrani. Sasa y naweka ngapi?

Jibu: Hatua ya 4. Haiwekwi, inatafutwa kutoka bei ya soko.

Swali: Ndiyo, ila kwa kawaida huwa ni ngapi?

Jibu: Hakuna kawaida. Soma tena.

Swali: Mwalimu, kuna kitu kinanisumbua. Fyucha ikiwa ghali kuliko hesabu, mtu ananunua mzigo, anahifadhi, anauza fyucha, pengo linafungwa. Ikiwa rahisi, kama hiyo 81, kwa nini asifanye kinyume chake?

Jibu: Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kinyume chake ni kuuza mafuta leo na kununua fyucha. Kama huna mafuta, itabidi uyaazime, na mwenye mafuta ya kuchoma hayaazimishi. Aliye nayo angeweza kuuza na kubaki na dola 4.47 za hesabu baada ya miezi sita, lakini anajua akiuza tangi linabaki tupu. Ndiyo maana kwa bidhaa za kutumika 85.47 ni dari tu. Chini yake hakuna sakafu. Dhahabu ni tofauti: wengi wanaishika kama akiba, huazimishwa, kwa hiyo kule pengo hubanwa pande zote mbili.

Swali: Fomula nzuri kwenye karatasi. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa Mei wa mafuta ghafi ya WTI ulifunga dola 37.63 chini ya sifuri. Ilikuwa wapi fomula yako?

Jibu: Ilikuwa palepale. Mkataba ulibakiza siku moja, mafuta yanapokelewa Cushing, Oklahoma, na nafasi ya tangi iliyobaki kule karibu yote ilikuwa imeshakodishwa. Siku hiyohiyo mkataba wa Juni ulifunga 20.43. Weka Mei mahali pa S: soko linasema nafasi ya kuhifadhi pipa moja kwa mwezi ina thamani ya dola 58 hivi. Fomula ya kujumlisha inameza hilo bila shida. Inayokufa ni ile ya asilimia, kwa sababu bei ikiwa chini ya sifuri hakuna LN ya kuchukua. Nimeonya hatua ya 3 au sikuonya?

Swali: Bei ya leo yenyewe naitoa wapi? Kila muuzaji ana yake.

Jibu: Hoja nzuri, kaka. Wengi hutumia mkataba wa mwezi wa karibu badala ya S, kisha wanaulinganisha na wa mbele. T inakuwa muda kati ya mikataba miwili.

Mchangiaji: Naongeza kwa wa nafaka: msivushe hesabu hii juu ya mavuno. Mahindi ya zamani yakiwa haba, mkataba wa kabla ya mavuno unakuwa juu na wa baada yake chini sana, na ukitafuta y kati yao unapata namba kubwa ya ajabu. Hakuna anayelipa ghala kupitisha mzigo wa zamani hadi siku mzigo mpya unapoingia.

Jibu: Kweli kabisa, nilisahau. Kwa nafaka linganisheni miezi iliyo ndani ya msimu mmoja.

Swali: Wakuu nimechelewa kusoma, y naweka ngapi?