Somo: kutoka ridingi za venia mpaka plasi-mainasi ya lamda kwenye spektromita

Wengi wakifanya hii lab lamda inatoka fresh kabisa, 589 na ushee, ila ile plasi-mainasi mwishoni ni ya kubahatisha, mtu anaandika ±1 nm kwa sababu inaonekana nzuri. Leo twende na case moja tu mpaka mwisho: taa ya sodiamu, gretingi ya mistari 600 kwa milimita, spektromita ambayo skeli yake kuu imegawanywa kwa nusu digrii na venia ina vigawanyo 30, kwa hiyo inasoma mpaka dakika 1 ya pembe. Dakika hapa ni 1/60 ya digrii, sio ya saa.

Hatua ya 1: soma pande zote mbili

Peleka darubini upande wa kushoto mpaka mstari wa njano ukae kwenye msalaba wa nyuzi, soma, halafu peleka kulia ufanye hivyo hivyo. Tuseme kushoto sifuri ya venia imepita 201° na haijafika alama ya nusu, mstari wa venia uliolingana na skeli ni wa 17, basi ni 201°17'. Kulia sifuri imepita 159° NA imepita alama ya nusu, uliolingana ni wa 22, kwa hiyo ni 159°30' jumlisha 22', yaani 159°52'. Hiyo nusu digrii ndiyo inayowaliza watu, nitairudia kwenye maswali.

Toa: 201°17' − 159°52' = 41°25'. Hii ni 2θ, gawa kwa mbili upate θ = 20°42.5', yaani 20.708°.

Usipime upande mmoja tu kutoka katikati. Kama gretingi haijakaa wima sawasawa na mwanga unaoingia, upande mmoja pembe inaongezeka na mwingine inapungua kwa karibu kiasi kile kile, ukichukua nusu ya tofauti sehemu kubwa ya hilo kosa inafutika.

Hatua ya 2: lamda

```
λ = d sin θ / m
d = 1/600 mm = 1666.7 nm,  oda m = 1
λ = 1666.7 × 0.35361 = 589.35 nm
```

Hatua ya 3: shaka ya pembe

Kila ridingi tuipe ±1', kipimo kidogo kabisa cha venia. Ridingi ziko mbili na hazitegemeani, kwa hiyo shaka ya tofauti ni mzizi wa (1² + 1²), yaani 1.41'. Lakini hiyo ni ya 2θ! θ ni nusu yake, na shaka nayo inakatwa nusu: 0.71'.

Hatua ya 4: geuza iwe radiani

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Ukidiferenshieti sini unapata kosini, ila hiyo kanuni ni kweli pale tu pembe iko kwenye radiani. Dakika 1 ni radiani 0.000291, kwa hiyo 0.71' ni radiani 0.000206. Sasa:

```
δλ = (d/m) cos θ · δθ
δλ = 1666.7 × 0.9354 × 0.000206 = 0.32 nm
```

Jibu: 589.4 ± 0.3 nm.

Ukisahau kugeuza ukaweka dakika kama zilivyo utapata shaka ya zaidi ya 1000 nm, hiyo utaishtukia mwenyewe. Hatari zaidi ni ukiweka digrii, 0.0118, unapata ±18 nm, na hiyo inafanana na jibu la kweli, mtu anaandika anaenda zake huku shaka yake imekuzwa mara 57.

Kujihakiki ni rahisi na haihitaji kudiferenshieti chochote: ongeza 0.7' kwenye θ, piga lamda upya. Unapata 589.67, tofauti na ya mwanzo ni 0.32. Kama fomula yako haikupi namba hiyo hiyo basi kuna kitu umekosea kwenye fomula.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi ridingi yangu nimerudia mara tatu na zote zimetoka sawa sawa, si ina maana kosa ni sifuri?

Jibu: Hapana. Maana yake ni kwamba mkono wako unatikisika chini ya dakika moja, na venia haiwezi kukuonyesha kitu kidogo kuliko hapo. Shaka ya skeli inabaki pale pale, weka ±1'. Kama ridingi zingekuwa zinaruka dakika 3 au 4, hapo ndipo ungetumia huo mtawanyiko badala ya kipimo cha venia.

Swali: Lamda yangu imekuja 596.1, nimerudia hesabu mara kibao sioni kosa. Shaka yangu ni 0.3 kama yako.

Jibu: Angalia ridingi zako, kuna mahali umeiruka alama ya nusu digrii. Kosa la 30' kwenye ridingi moja linakuwa 15' kwenye θ, na kwa oda ya kwanza hiyo ni karibu 6.8 nm. Wewe umezidi kwa 6.8 hasa. Ukiona umepishana na jibu kwa karibu 7 nm juu au chini, rudi kwenye daftari la ridingi kabla hujagusa hesabu. Hili ni kosa la kusahihisha, usilifunike kwa kuikuza shaka.

Swali: Ridingi zangu ni 10°20' na 328°55', nikitoa napata 318 na kitu, hii inakuwaje?

Jibu: Umevuka sifuri ya skeli. Ongeza 360° kwenye ile ndogo: 370°20' − 328°55' = 41°25'. Shaka haibadiliki.

Swali: Kwa nini tunaambiwa tutumie oda ya pili wakati mstari wake ni hafifu zaidi?

Jibu: Kwa sababu ya hiyo kosini, na kugawa kwa m. Oda ya pili hapa iko karibu na 45°, kosini imeshuka mpaka 0.707 na d inagawanywa kwa 2, kwa hiyo venia ile ile inakupa ±0.12 nm badala ya 0.32. Ila ujue njano ya sodiamu ni mistari miwili, 589.0 na 589.6, na oda ya pili inaitenganisha kwa kama 3.5', kwa hiyo ukibana mwanya utaiona yote miwili na lazima uandike umesoma upi. Oda ya tatu usiitafute, sini ingezidi 1.

Swali: Na ile 600 iliyoandikwa kwenye gretingi, yenyewe haina shaka?

Jibu: Inayo, na mara nyingi ndiyo inayobeba kila kitu. Tuseme d ina shaka ya 0.5%, hiyo peke yake ni 2.9 nm, ukijumlisha kwa miraba na 0.32 unabaki na 2.9, mchango wa venia hauonekani kabisa. Na kurudia ridingi hakusaidii, kwa sababu kosa la d linasukuma mistari yote upande mmoja kwa asilimia ile ile. Dawa ni kupima kwanza mstari unaojulikana, mfano kijani ya zebaki 546.07 nm, upate d yako mwenyewe. Hapo shaka ya d nayo inatoka kwenye venia, ukiipima kwa oda ya pili inakuwa kama 0.02%, ndipo ile 0.3 ya sodiamu inakuwa ya kweli.