Pakua nyimbo usiku, kisha uifungie Spotify mtandao

Kama unasikiliza Spotify kwenye daladala, kupakua nyimbo peke yake hakutoshi. Ukiacha data imewaka, programu itaendelea kuleta picha na mapendekezo, na ukimaliza orodha yako inaweza kuanza kucheza nyimbo ambazo hukupakua. Hapo ndipo bando linapovuja. Nenda kwenye mipangilio uwashe Offline mode. Vitacheza vile tu vilivyomo kwenye simu.

Kupakua kwenyewe fanya kwa waifai. Ubora wa juu kabisa wa kawaida, kbps 320, hula takriban MB 144 kwa saa. Kbps 160 ni nusu yake, na ndani ya gari lenye honi na kondakta anayeita abiria sidhani utasikia tofauti. Hakikisha alama ya kijani ya mshale imetokea kabla hujatoka.

Betri nayo inapumua, hasa ukizima data kabisa: simu inayotafuta mtandao dhaifu njiani huchoka haraka.

Muziki wa kupakua unahitaji Premium, na lazima uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo zinafutika. Podikasti hupakuliwa hata bila kulipia.