Somo: Kugawa kiasi kikubwa cha M-Pesa, lini kunaokoa na lini kunapoteza

Wiki iliyopita chama chetu kilimtumia mwenzetu aliyefiwa shilingi 36,000, na baadhi yenu mkauliza kwa nini fedha hizo hazikutumwa kwa mafungu ili kupunguza makato. Nimeona ni afadhali nijibu kwa hesabu. Namba ninazotumia ni za jedwali la Safaricom lililoanza Julai 2023, ushuru wa huduma hiyo ulipopanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Jedwali likibadilika, weka namba mpya lakini hatua zibaki zile zile.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha ada mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Anayetuma hulipa ada ya kutuma, na anayepokea hulipa ada ya kutoa kwa wakala, na kila ada ina madaraja yake. Kwa shilingi 36,000, kutuma ni shilingi 108, ilhali kutoa ni shilingi 278. Jumla ni 386.

Hatua ya pili ni kugeuza ada kuwa asilimia, yaani kugawanya ada kwa kiasi kisha kuzidisha kwa 100. Hapa 386 ÷ 36,000 × 100 ni takriban asilimia 1.07.

Hatua ya tatu ni kutazama kiasi chako kimekaa wapi ndani ya daraja lake, na hapa ndipo penye siri yote. Katika kutuma, ada ya 108 huanzia shilingi 20,001 na haipandi tena hadi 250,000, kwa hiyo kugawa 36,000 kuwa 35,000 na 1,000 kungetugharimu 108 na 13, yaani 121. Tungepoteza shilingi 13 bure. Katika kutoa mambo ni tofauti, kwa sababu daraja la 20,001 hadi 35,000 hutozwa 197, na shilingi moja tu ikizidi hapo ada inaruka hadi 278. Kiasi chetu kilikuwa kimevuka mpaka huo kwa shilingi 1,000 tu. Mwenzetu akitoa 35,000 kwanza, kisha 1,000 ambayo ada yake ni 29, atalipa 226 badala ya 278.

Kwa hiyo tulituma mara moja, naye akatoa mara mbili. Gharama yote ikawa 334, sawa na asilimia 0.93.

Ujanja huu una kikomo. Ada ya 29 inatosha kutoa hadi shilingi 2,500, hivyo faida ya shilingi 52 inadumu mpaka kiasi cha 37,500, kisha inapungua. Ukipita 40,000 haipo tena, kwa kuwa 35,000 pamoja na mafungu matatu ya 2,500 kunagharimu 284, na kutoa mara moja ni 278 tu.

Maswali ya wanachama

*Mweka hazina, mimi hutuma karo ya shilingi 20,000 kwa mafungu manne ya 5,000 kila wiki. Je, ninaokoa?*

Hapana, mama. Kila fungu linakukata 57, jumla 228, ilhali ungetuma zote kwa pamoja ungelipa 105. Kama unagawa kwa sababu fedha hupatikana kidogo kidogo, ziache kwenye salio lako hadi zitimie, kwani kuziweka hakutozwi.

*Nikimtumia mtu 3,000 kwa mafungu matatu ya 1,000, hesabu inasemaje?*

Hapo unaokoa kweli, na ndiyo maana sipendi kanuni ya jumla. Kutuma 3,000 mara moja ni 53, karibu asilimia 1.77, na mafungu matatu ya 1,000 ni 39. Lakini mpokeaji asigawe anapotoa: 3,000 kwa mara moja ni 52, na 2,500 pamoja na 500 ni 58. Ni kinyume kabisa cha 36,000. (Mtaniambia kwamba kutuma hadi shilingi 100 hakuna ada, ni kweli, ila mwenye subira ya kutuma mara thelathini ajaribu mwenyewe.)

*Mimi nilitumiwa 36,000 kamili, nikatoa 35,000, halafu 1,000 iliyobaki ikakataa kutoka. Kosa liko wapi?*

Aliyetuma hakuongeza ya kutolea. Ulipotoa 35,000, ada ya 197 ilikatwa kwenye salio, zikabaki 803. Mtumaji angetuma 36,226, nayo ingebaki kwenye daraja lile lile la 108, kwa hiyo nyongeza hiyo isingebadilisha ada yake ya kutuma.

*Na wakala akikataa kunihudumia mara mbili?*

Nenda kwa wakala mwingine. Ada hukadiriwa kwa kila muamala, si kwa wakala wala kwa siku.