Kutoka karatasi ya ukutani hadi tangazo la redio: siku ya chanjo ya surua, Kigoma

Juzi nilikaa na muuguzi wa zahanati moja ya mwambao, kusini mwa mji wa Kigoma, tukageuza karatasi yake ya ukutani kuwa tangazo la redio la dakika moja. Naziandika hatua tulizopitia kwa sababu zahanati nyingi hupeleka redioni karatasi ileile, na mtangazaji huisoma kama ilivyo. Karatasi yenyewe ilikuwa hivi:

CHANJO YA SURUA-RUBELA
• Walengwa: watoto miezi 9/18
• Tarehe: 17/06
• Muda: 08:00–14:00
• Mahali: zahanati
• Waje na kadi
• Huduma ni bure

Hatua ya 1: Uliza yale ambayo karatasi haisemi

Aliyesimama mbele ya ukuta anaweza kugeuka akamuuliza muuguzi. Anayesikiliza redio huku anaanika dagaa hana wa kumuuliza, kwa hiyo maswali yake muulizie wewe kabla hujaandika neno lolote. Mimi huuliza matatu: mtoto aliyepitiliza umri aje? Aliyepoteza kadi je? Na mwenye mafua? Muuguzi alijibu kwamba wote waje. Mtoto ambaye hajafikisha miaka mitano na alikosa dozi atapewa, kadi iliyopotea haimzuii mtoto kuchanjwa, na mafua ya kawaida hayazuii chanjo. Usijibu maswali haya kwa kubuni, hata kama unadhani majibu unayajua.

Hatua ya 2: Fungua umri

Alama ile ya mkwaju kati ya 9 na 18 haisikiki redioni. Ukisoma "miezi tisa, kumi na nane", wengi wataelewa kuanzia miezi tisa hadi kumi na nane, na mama wa mtoto wa miezi kumi na tisa atabaki nyumbani. Hizi ni dozi mbili tofauti: ya kwanza mtoto akitimiza miezi 9, ya pili akitimiza miezi 18. Kila dozi ipewe sentensi yake. Nami hupendelea kusema "mwaka mmoja na nusu" kuliko miezi kumi na minane, maana ndivyo akina mama wanavyohesabu mtoto akishavuka mwaka.

Hatua ya 3: Saa

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, na hapa ndipo tangazo huharibika.

Tazama 08:00–14:00. Mtangazaji mwenye haraka akiona 08:00 anaweza kutamka "saa nane". Saa nane ya Kiswahili ni 14:00, yaani saa ya kufunga. Kosa hili halisikiki kama kosa, kwa kuwa saa nane mchana ni saa ya kweli ambayo mtu anaweza kuja zahanati. Mama atafika kwa uaminifu kabisa, na atakuta meza inafutwa.

Kuchelewa huko kuna gharama. Kichupa cha chanjo ya surua-rubela mara nyingi huwa na dozi 10, na unga wake ukishachanganywa na maji yake, kinachobaki hutupwa zikipita saa sita tangu ichanganywe au kazi ya siku ikiisha, lolote litakalotangulia. Ndiyo maana zahanati hukusanya watoto siku moja. Anayefika mwishoni na mtoto mmoja huenda akaambiwa arudi siku nyingine, na kwa aliyetembea kutoka shambani, hiyo siku nyingine inaweza isije.

Kwa hiyo saa iandikwe kwa maneno, kamwe isiwe tarakimu, na kila saa ifuatane na kipindi chake cha siku: "saa mbili asubuhi", "saa nane mchana". Usimwachie mtangazaji ageuze mwenyewe, hata akiwa hodari. Geuza wewe, kisha mwonyeshe muuguzi athibitishe. Njia ya kugeuza ni kutoa sita: 08:00 ni saa mbili, 14:00 ni saa nane.

Kwa Kigoma kuna mawili ya kuongeza. Tuko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, na saa mbili ni mapema kuliko anavyodhani mtu wa Dodoma au Dar es Salaam. Usiishie kutaja saa ya kufungua; taja pia saa ambayo mtu asiipitilize kufika. Tulichagua saa tano, ili wa mbali asikate tamaa na muuguzi apate nafasi.

La pili ni mpaka. Burundi na mashariki mwa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie saa, ikinasa mtandao wa ng'ambo, huonyesha saa ya huko. Kama redio yako inasikika vijiji vya mpakani, ongeza "kwa saa za Tanzania". Kama haifiki huko, acha, maana kila neno linakula sekunde.

Hatua ya 4: Andika

Anza na anayeitwa, si na anayeita. "Uongozi wa zahanati unapenda kuwatangazia wananchi wote" ni sekunde tano ambazo mama hajui kama anahusika. Pia usiandike "kesho" wala "wiki hii", kwa sababu rekodi moja itapigwa siku kadhaa. Yetu ilitoka hivi:

"Mama, baba, bibi, na yeyote unayelea mtoto mdogo. Jumatano, tarehe kumi na saba mwezi wa sita, kuna chanjo ya surua na rubela katika Zahanati ya (jina), jirani na mwalo. Mtoto aliyetimiza miezi tisa atapata dozi ya kwanza. Aliyetimiza mwaka mmoja na nusu atapata ya pili. Aliyepita umri huo, hajafikisha miaka mitano, na alikosa dozi yoyote, naye mlete. Chanjo inaanza saa mbili asubuhi na kufungwa saa nane mchana. Jitahidi ufike kabla ya saa tano asubuhi. Njoo na kadi ya kliniki. Kama imepotea, mlete mtoto hivyohivyo. Mwenye mafua pia mlete, muuguzi atamwangalia. Hulipi chochote. Narudia: Jumatano, tarehe kumi na saba, kuanzia saa mbili asubuhi, Zahanati ya (jina), jirani na mwalo."

Mwalo umeingia kwa sababu kila mtu kijijini anaujua. Kinachorudiwa ni siku, saa na mahali tu.

Hatua ya 5: Jaribu kwa sikio

Lisome kwa sauti ukipima muda kwa simu. Likizidi dakika, punguza maneno, usiongeze kasi. Kisha msomee mara moja mtu ambaye hajaiona karatasi, halafu muulize: siku gani, saa ngapi, mtoto gani? Asipojibu moja, sentensi hiyo iandikwe upya. Sisi tulimsomea mlinzi wa zahanati, akakwama kwenye dozi ya pili. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeziweka dozi zote mbili katika sentensi moja.

Hatua ya 6: Peleka redioni

Peleka nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa, mstari mmoja kwa kila sentensi. Omba lisomwe bila muziki chini ya sauti. Kwenye redio ndogo za betri muziki humeza tarakimu. Omba pia lirushwe jioni, wakati wavuvi hawajaingia ziwani, ili baba naye asikie. Juu ya karatasi andika tarehe ya mwisho ya kurusha: Jumatano tarehe 17, saa tatu asubuhi. Anayelisikia muda huo bado anaweza kufika kabla ya saa tano.