Somo: Bandari ikijaa, kontena lako linahesabiwa na saa tatu tofauti

Somo hili ni la mwagizaji anayeleta kontena moja hadi tano kwa mwezi, ambaye bandari yake ya kupokelea imeanza kujaa. Tutapitia mahali siku zinapopotelea, namna tozo zinavyohesabiwa, kisha namna ya kurekebisha kiwango cha kuagiza ili ghala lisikauke. Viwango vya pesa humu ni vya kufundishia tu, weka vya kwako.

Kwanza, kwa nini bandari hujaa ghafla. Foleni haikui sambamba na kazi. Gati likitumika kwa asilimia 70 ya uwezo wake, meli husubiri kidogo. Likifika asilimia 90, kusubiri huwa karibu mara nne ya pale, ingawa kazi imeongezeka kidogo tu. Ndani ya yadi ni hivyo hivyo: makontena yakipangwa juu kwa juu hadi nafasi zimebaki chache, kreni inalazimika kuhamisha matatu ili kulifikia moja, na lori lililokuwa likihudumiwa kwa saa moja linakaa nusu siku. Ndiyo maana mshtuko mdogo huleta kelele kubwa. Machi 2021 meli ya makontena Ever Given iliziba Mfereji wa Suez kwa siku sita, lakini bandari ziliendelea kupokea meli kwa mafungu wiki kadhaa baadaye.

Hatua ya 1: Kata safari vipande

Chukua mizigo yako ya mwisho, minane au zaidi, uandike tarehe sita kwa kila mmoja: ulipolipa oda, meli ilipoondoka, ilipotia nanga, kontena liliposhushwa, lilipotoka getini, na tupu liliporudishwa. Wengi huandika tarehe mbili tu, ya kulipa na ya kupokea, halafu hawajui waliumia wapi. Kama mzigo hupitia bandari ya kati ya kubadilishia meli, ongeza tarehe ya kuingia pale na ya kutoka. Mara nyingi kontena huachwa hapo na meli ndogo inayomalizia safari, na tarehe ya kufika uliyopewa mwanzoni haina maana tena.

Sasa tafuta wastani wa siku na mchepuko sanifu, yaani kadiri siku zinavyoyumba juu na chini ya wastani huo. Kama jumla ya siku kutoka kulipa hadi getini iko safu ya C:

```
=AVERAGE(C2:C9)
=STDEV.S(C2:C9)
```

Fanya hivyo kwa kila kipande ili ujue tatizo liko nangani, yadini au kwenye nyaraka zako. Kwa hesabu ya Hatua ya 4 lakini, tumia mchepuko wa safu ya jumla. Usijumlishe michepuko ya vipande, utapata namba kubwa kuliko hali halisi.

Hatua ya 2: Zijue saa tatu

Hapa ndipo pesa zinapovuja: tozo tatu, kila moja na saa yake ya kuhesabu siku. Tozo ya hifadhi hulipwa bandari kwa kukalia yadi yake. Dimareji hulipwa kampuni ya meli kwa kontena lake kubaki bandarini likiwa na mzigo. Ditensheni hulipwa kampuni hiyo hiyo kwa kontena kukaa nje mikononi mwako hadi lirudi tupu. Kila saa ina siku zake za bure na mwanzo wake. Moja inaweza kuanza siku kontena lako liliposhushwa, nyingine siku meli nzima ilipomaliza kushusha. Baadhi ya kampuni za meli huunganisha dimareji na ditensheni kuwa hesabu moja. Soma jedwali la tozo la pande zote mbili, uulize jambo moja kwa maandishi: Jumapili na sikukuu zinahesabiwa?

Tuchukue kontena moja la futi 40 lenye katoni 800. Limeshushwa tarehe 3, meli imemaliza kushusha tarehe 4. Bandari inatoa siku 5 za bure kuanzia kesho yake, yaani tarehe 5 hadi 9. Kampuni ya meli inatoa siku 7 kuanzia siku ya kushushwa, tarehe 3 hadi 9. Lori limekosa nafasi ya getini mara mbili, kontena likatoka tarehe 14.

Siku za kulipia ni 10 hadi 14, siku tano. Hifadhi ni dola 20 kwa siku tatu za kwanza, kisha 40: jumla 140. Dimareji dola 60 kwa siku: 300. Ditensheni ina siku 5 za bure, tarehe 15 hadi 19, lakini yadi ya makontena tupu nayo imejaa na tupu linapokelewa tarehe 22. Siku tatu kwa dola 50 ni 150. Kontena moja limekula dola 590, karibu senti 74 kwa kila katoni. Angalia kwamba hifadhi, ambayo watu huilalamikia zaidi, ni chini ya robo ya bili.

Halafu kuna mafungu. Umeagiza makontena matatu kwa kupishana wiki mbili mbili, foleni ikayakusanya, yakashushwa yote siku moja. Ghala lako linaweza kupakua kontena moja kila baada ya siku mbili. La tatu litatoka siku nne baada ya la kwanza, na kila siku hiyo ni dola 40 za hifadhi na 60 za dimareji, yaani 400 juu ya zile 590. Chanzo ni msongamano, lakini kinachoamua ukubwa wa bili ni mlango wa ghala lako.

Hatua ya 3: Nyaraka zimalizike meli ikiwa nangani

Siku za meli kukaa nangani hazikutozi hifadhi wala dimareji. Zitumie. Hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi ziwe kwa wakala wa forodha kabla meli haijafika, na kama forodha inaruhusu tamko la mapema, lipeleke. Kosa linalojirudia ni uzito au idadi ya vifurushi kwenye hati kutofautiana na manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli. Kurekebisha manifesti meli ikishashusha huweza kumeza siku zote za bure. Linganisha mwenyewe, mstari kwa mstari, mzigo ukiwa bado baharini.

Pia angalia oda ya kutolea mzigo ina mwisho wa uhalali. Ikiisha kabla lori halijapata nafasi, unarudi kwa kampuni ya meli kuihuisha, na huihuishi bila kulipa dimareji ya siku zilizoongezeka.

Hatua ya 4: Rekebisha kiwango cha kuagiza

Watu wengi huongeza zile siku za kuchelewa tu. Hazitoshi. Weka B1 mauzo ya siku, B2 mchepuko wa mauzo, B3 wastani wa siku za kusubiri mzigo, B4 mchepuko wa siku hizo:

```
=B1*B3+1.65*SQRT(B3*B2^2+B1^2*B4^2)
```

Hiyo 1.65 inakupa takriban asilimia 95 ya kutokaukiwa kabla mzigo haujaingia. Unauza katoni 40 kwa siku, mchepuko 12. Hali ya kawaida ni siku 60, mchepuko 5: unaagiza zikibaki katoni 2,764, mzigo ulio njiani ukiwemo. Bandari ikajaa, wastani ukawa siku 68 na mchepuko 12: kiwango kinapanda hadi 3,529. Ongezeko ni katoni 765. Katika hizo, 320 tu zinatokana na zile siku nane. Nyingine 445 zinatokana na kutojua mzigo utaingia lini. Ningepewa kuchagua, ningechukua meli inayochelewa siku kumi kila safari kuliko inayochelewa sifuri leo na ishirini kesho.

Katoni 765 ni karibu kontena moja. Linaongezwa mara moja tu, kwa kuagiza mapema. Ukianza kukuza kila oda, unajitengenezea lile fungu la Hatua ya 2.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo, mkuu. Kama bandari ndiyo iliyoninyima nafasi ya lori, kwa nini nilipe mimi?

Jibu: Kwa sababu saa hazisimami zenyewe. Msamaha huombwa, tena kwa ushahidi. Kila nafasi ya getini ikikataliwa, piga picha ya skrini yenye tarehe, saa na namba ya kontena, na uandikie bandari na kampuni ya meli siku hiyo hiyo. Ombi likiletwa mwezi mmoja baadaye na maneno "bandari ilijaa" halina uzito. Na msamaha wa bandari haugusi dimareji, ni maombi mawili.

Swali: Kontena langu limehamishiwa bandari kavu. Dimareji imesimama?

Jibu: Kwa kawaida hapana. Kontena la kampuni ya meli bado lina mzigo wako na halijarudi kwao. Kinachobadilika ni mtoza hifadhi, maana bandari kavu ina jedwali lake. Uliza nani analipa usafirishaji wa kuhamisha na kama siku za bure zinaanza upya.

Swali: Nanunua kwa masharti ya CIF. Muuzaji si ndiye mwenye gharama hizi?

Jibu: Muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya kufikia. Hifadhi, dimareji na ditensheni za huku ni zako. Lakini kwa CIF yeye ndiye anayechagua kampuni ya meli, kwa hiyo kabla ya kusaini mwambie aombe siku 14 za bure badala ya 7. Meli ikishaondoka, nguvu ya kuomba imepungua sana.

Swali: Mwalimu, mimi nina mizigo minne tu. Mchepuko nautoaje?

Jibu: Chukua mrefu zaidi, toa mfupi zaidi, gawa kwa mbili. Siku 58, 61, 70 na 76 zinakupa 18, ukigawa unapata 9. Ni makadirio, yanatosha kuanzia.

Swali: Foleni ikipungua nirudi kiwango cha zamani mara moja?

Jibu: Hapana. Foleni ikifumuka mizigo iliyochelewa na isiyochelewa huingia pamoja, kwa hiyo hapo ndipo ghala hufurika. Ruka oda moja kwanza, au iahirishe. Wastani upunguze meli mbili tatu zikifika ndani ya siku zilizosemwa na kampuni ya meli. Mchepuko uuache juu hadi ile mizigo mibaya itoke kwenye orodha yako ya minane.