Somo: Barua ya kumwomba mtengeneza maudhui wa Moshi atangaze bidhaa yako kwa malipo

Somo hili ni kwa wenye biashara ndogo wa Moshi na Arusha wanaotaka kumlipa mtu mwenye wafuasi mtandaoni ili aonyeshe bidhaa yao, na wanaotaka ombi lao lijibiwe. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mama anayekaanga na kusaga kahawa ya Kibosho, anayeiuza katika pakiti za gramu 250 kwenye duka lake karibu na soko la Mbuyuni. Anamwandikia dada anayetengeneza video fupi za mapishi mjini Moshi.

Barua nyingi za namna hii hukosa jibu kwa sababu mwandishi ameomba "tushirikiane" bila kusema anataka nini, lini na kwa shilingi ngapi. Anayeipokea analazimika kuuliza maswali matano kabla ya kujua kama kazi yenyewe inamfaa, na mara nyingi anaona ni rahisi zaidi kukaa kimya. Barua nzuri humwezesha kujibu "sawa" au "bei yangu ni kubwa kuliko hiyo" baada ya kuisoma mara moja.

Hatua ya 1: Jua unaweza kulipa kiasi gani

Anza na faida ya pakiti moja, kisha ndipo uulizie bei yake. Mama wa mfano wetu anauza pakiti kwa shilingi 9,000. Akijumlisha buni, kuni za kukaangia, kusaga, mfuko na lebo, pakiti inamgharimu 5,800, kwa hiyo inambakizia 3,200. Akilipa shilingi 160,000, ni lazima video ile imletee wanunuzi wa pakiti 50 ili arudishe fedha yake, na akimpa mtengeneza maudhui pakiti mbili za kujaribia, itabidi auze nyingine kama nne. Ajiulize basi kama duka lake linaweza kuuza pakiti 54 zaidi ya kawaida ndani ya wiki tatu au nne, na kama ana buni za kutosha kuzikaanga. Ikiwa hawezi, hiyo si ada yake, hata kama mwenye ukurasa angeikubali.

Hatua ya 2: Chunguza wafuasi wako wapi

Idadi ya wafuasi inaonekana na kila mtu, lakini miji wanakoishi inaonekana na mwenye akaunti peke yake. Kwenye Instagram, akaunti ya kitaalamu ina sehemu ya Insights inayoonyesha miji inayoongoza kwa wafuasi. Mtu anaweza kuishi Shanty Town na kupiga video zake zote chini ya Mlima Kilimanjaro, huku sehemu kubwa ya watazamaji wake wakiwa Dar es Salaam. Hilo si baya ikiwa unatuma mizigo kwa basi na umeshapanga nauli ya kifurushi, lakini ikiwa mnunuzi ni lazima afike Mbuyuni kwa miguu yake, utakuwa umelipia macho yasiyoweza kununua. Kwa hiyo omba ndani ya barua picha ya ukurasa huo, kwa lugha ya heshima. Anayeifanya kazi hii kwa dhati huwa anayo tayari.

Hatua ya 3: Andika barua yenyewe

Itume kwa baruapepe iliyoandikwa kwenye ukurasa wake, au kama faili kwenye WhatsApp, ukitanguliza salamu fupi. Mpangilio wa barua ya kiofisi unafaa, ila acha ule mwanzo wa "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu", kwa kuwa unapoteza mstari ambao ungemweleza wewe ni nani. Huu ndio mfano kamili:

Duka la Kahawa, Mbuyuni,
S.L.P. ......, Moshi.
2 Mei

Ndugu ......,

YAH: OMBI LA KUONYESHA KAHAWA YETU KWENYE UKURASA WAKO KWA MALIPO

Mimi ni mkaangaji na muuzaji wa kahawa ya Kibosho hapa Moshi. Niliitazama video yako ya maandazi ya iliki, na niliona kwamba watu kadhaa walikuuliza wayanywee na nini. Ndiyo sababu nimekuandikia wewe.

Naomba uandae video moja ya sekunde 30 hadi 60 inayoonyesha kahawa yetu ikiandaliwa jikoni kwako kwa namna unayopenda, pamoja na stori moja yenye kiungo cha WhatsApp cha duka. Ningependa video itoke kati ya tarehe 1 na 7 Juni, baridi inapoanza, na ibaki kwenye ukurasa wako kwa miezi sita au zaidi.

Malipo ninayopendekeza ni shilingi 160,000 kabla ya kodi: nusu tukikubaliana, na nusu siku video inapotoka. Pia nitakuletea pakiti mbili za kujaribia, ambazo hazihesabiki kwenye malipo. Kama utazionja usizipende, una uhuru wa kukataa kazi hii.

Naomba mambo matatu yaonekane au yatajwe kwa usahihi: jina la duka, mahali lilipo, na bei ya shilingi 9,000. Mengine yote ni maneno yako. Naomba isisemwe kwamba kahawa hii inatibu ugonjwa wowote. Naomba pia uweke alama ya tangazo la kulipiwa, na unitumie video siku mbili kabla ili nihakiki mambo hayo matatu tu.

Ningefurahi pia kupata ruhusa ya kuiweka video hiyo kwenye hali ya WhatsApp na ukurasa wa duka kwa miezi sita. Ikiwa ruhusa hiyo ina bei yake, nijulishe.

Naomba picha ya takwimu za miji ya wafuasi wako, na jibu lako kabla ya tarehe 12 Mei.

Wako,
......
Simu: ......

Tazama aya ya pili ya ombi: ina idadi, urefu, tarehe, na muda wa video kubaki ukurasani. Muda huo husahaulika mno. Wapo wanaofuta matangazo baada ya wiki ili ukurasa uonekane safi, na kama hukuliandika hilo huna la kudai. Aya ya uhakiki nayo nimeibana kwa makusudi. Ukiomba kuihakiki "video nzima", utajikuta unasahihisha sauti, mavazi na rangi ya kikombe, na kitakachotoka kitafanana na tangazo la redio. Wafuasi wake walimfuata kwa namna anavyosema yeye, na hicho ndicho unachokinunua.

Kuhusu dawa, usilegeze kabisa. Chakula kikianza kusifiwa kwamba kinashusha sukari au presha, mgonjwa anaweza kuacha vidonge vyake, na jina lililo kwenye pakiti ni lako. Hakikisha pia lebo ina tarehe ya kukaangwa na kwamba mambo yako ya TBS yamekaa sawa kabla ya kupeleka pakiti, kwa maana kamera italisogelea lebo kwa karibu kuliko mteja yeyote wa dukani.

Hatua ya 4: Andaa kiungo kitakachokuonyesha matokeo

Kiungo cha WhatsApp kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari, hivyo anayekigusa anakufikia akiwa na maneno uliyoyachagua. Namba huanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimeona%20video%20ya%20kahawa
```

Kila ujumbe unaoanza na "Nimeona video ya kahawa" umetokana na kazi yake. Kiungo hiki kiwekwe kwenye stori, kwa kuwa kwenye maelezo ya chini ya video za Instagram hakigusiki. Stori huondoka baada ya saa 24, kwa hiyo mwombe aihifadhi kwenye zile duara zinazobaki juu ya ukurasa. Wanaokuja dukani wenyewe, waulize wamekujuaje na uandike kwenye daftari la mauzo.

Maswali ya wanachama

*Mshona kandambili za ngozi, Sakina, Arusha: Mimi nimempata mwenye ukurasa wa safari za mbugani. Wafuasi wake ni wengi kuliko wa mtu yeyote niliyemwona, ila maoni mengi ni ya Kiingereza. Nimwandikie?*

Mwandikie, lakini badilisha unachoomba. Mtazamaji aliye nje ya nchi hawezi kununua kandambili leo, ila anaweza kukumbuka duka atakapotua. Kwa hiyo anayekufaa ni yule anayepanga safari. Omba video inayoonyesha duka linavyofikika kutoka Mnara wa Saa, na umwombe ibaki kwa mwaka mzima badala ya miezi sita, kwa sababu wageni wengi hupanga safari miezi mingi kabla. Usitegemee mauzo ya wiki ya kwanza, na kwa hiyo usitoe fedha ambayo unaihitaji kununulia ngozi ya mwezi ujao.

*Muuza asali, Majengo, Moshi: Amenijibu kwamba atatumia wimbo wa Bongo Fleva unaovuma sasa. Kuna shida?*

Ipo. Nyimbo zinazopatikana kwa matumizi ya kawaida kwenye TikTok hazijaruhusiwa kutumika katika matangazo ya biashara. Video inaweza kunyamazishwa sauti, na maelezo yako yote yakapotea humo. Mwombe achague kutoka Commercial Music Library ya TikTok, au atumie sauti halisi tu: asali ikimiminwa, na yeye akizungumza. Liandike hilo kwenye barua kwa sentensi moja kabla hajaanza kurekodi.

*Mwenye duka la vitenge, Moshi mjini: Umeandika "kabla ya kodi". Kodi ipi hiyo?*

Tangu Julai 2024 malipo kwa watengeneza maudhui ya kidijitali yana kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa na mlipaji na kupelekwa TRA. Kwa shilingi 160,000 ni shilingi 8,000, kwa hiyo yeye anapokea 152,000. Ukiinyamazia kwenye barua, atahisi umempunja siku ya malipo. Pita ofisi ya TRA kabla ya kulipa wakuelekeze namna ya kuiwasilisha, na umwombe mwenzako namba yake ya mlipakodi mapema.

*Yule yule: Na akijibu kwamba bei yake ni laki tatu?*

Rudi kwenye hesabu ya hatua ya kwanza, kwa faida ya bidhaa yako mwenyewe. Kwa kahawa ya mfano wetu, laki tatu ni pakiti 94 kabla ya kuona faida. Badala ya kumwomba apunguze bei ya kazi ile ile, punguza kazi: mwandikie, "Dada, bajeti yangu ni 160,000, je, kwa kiasi hicho unaweza kunifanyia stori tatu bila video?" Akikataa hata hilo, mshukuru na umwandikie mwingine.